Visanduku tisa: namna ninavyopima mtikisiko wa kapu la mali tatu

Mwaka wa kwanza nilipokifanyia hesabu kikundi chetu cha kuweka na kukopa, niliwapa wanachama namba isiyo sahihi. Fedha tulikuwa tumezigawa hivi: asilimia 50 hisa za benki, asilimia 30 hisa za kiwanda cha saruji, na asilimia 20 hatifungani za serikali. Bei za benki zilikuwa zikipanda na kushuka kwa mkengeuko, yaani umbali wa kawaida kutoka kwenye wastani, wa asilimia 20 kwa mwaka, saruji 30, hatifungani 8. Niliwaambia kapu lote linatikisika kwa asilimia 13.5. Mhazini wetu akaniuliza, "Kaka, benki na saruji si hushuka pamoja uchumi ukilegea? Hilo umeliweka wapi?"

Sikuwa nimeliweka popote. Nilikuwa nimepima kila mali peke yake, nikajumlisha, nikasahau jinsi zinavyovutana. Tangu siku hiyo siandiki tena ile kanuni ndefu ya mtikisiko wa kapu, yenye herufi nyingi, kwa sababu ndimo vipande hupotelea. Nachora jedwali la safu tatu kwa tatu.

Kabla ya jedwali, zidisha uzito wa kila mali kwa mkengeuko wake. Benki ni 0.5 mara 20, yaani 10. Saruji ni 0.3 mara 30, yaani 9. Hatifungani ni 0.2 mara 8, yaani 1.6. Namba hizi tatu ndizo utakazotumia hadi mwisho.

Sasa jaza visanduku. Kila kisanduku ni namba ya safu yake mara namba ya wima wake mara korelesheni ya mali hizo mbili, yaani kipimo cha kati ya -1 na 1 cha jinsi zinavyofuatana. Mali ikikutana na yenyewe korelesheni ni 1. Kwetu sisi benki na saruji ilikuwa 0.6, benki na hatifungani 0.1, saruji na hatifungani -0.2.

```
              benki   saruji   hatifungani
benki         100     54        1.6
saruji         54     81       -2.88
hatifungani   1.6     -2.88     2.56
```

Jumlisha vyote tisa upate 289. Hiyo ndiyo variansi. Kipeuo chake cha pili ni 17, kwa hiyo mtikisiko wa kweli ni asilimia 17. Ile 13.5 yangu ilitoka kwenye visanduku vitatu vya mshazari tu: 100, 81 na 2.56. Wengine hukumbuka jozi lakini huihesabu kila moja mara moja badala ya mbili, wakapata 15.4. Kwenye jedwali kosa hilo ni gumu kulifanya, maana 54 unaiona kwa macho yako mara mbili.

Jibu lako lisizidi jumla ya zile namba tatu za mwanzo, yaani 20.6. Huko ndiko ungefika kama korelesheni zote zingekuwa 1. Ukiipita, rudi ukatafute kosa. Hakikisha pia mikengeuko yote ni ya mwaka. Ya mwezi huzidishwa kwanza kwa kipeuo cha pili cha 12.

Ninachokipenda zaidi ni kusoma jedwali kwa safu. Safu ya benki ina jumla ya 155.6, ya saruji 132.12, ya hatifungani 1.28. Saruji ilichukua asilimia 30 ya fedha zetu lakini ilileta karibu asilimia 46 ya variansi. Hatifungani, zenye asilimia 20 ya fedha, karibu hazikuleta kitu, kwa kuwa ile -2.88 ilifuta sehemu kubwa ya mtikisiko wao. Tulihamisha asilimia 10 ya fedha kutoka saruji kwenda hatifungani. Namba za mwanzo zikawa 10, 6 na 2.4, variansi ikashuka hadi 212.8, mkengeuko ukawa asilimia 14.6.

Tatizo hasa liko kwenye korelesheni zenyewe. Hisa ambayo hainunuliwi wala kuuzwa kwa siku kadhaa hubaki na bei ya zamani, na ukipima kwa bei za kila siku utaiona kama haifuatani na wenzake, kumbe soko lake limelala. Korelesheni hutoka ndogo kuliko ilivyo, na kapu huonekana tulivu. Mimi hutumia bei za mwisho wa mwezi, hata kama nabaki na namba chache. Isitoshe, mambo yakiharibika hisa huelekea kushuka pamoja. Kwa hiyo hurudia hesabu nikiweka 0.9 mahali pa 0.6: kapu letu jipya hutoka 14.6 hadi 15.8, la zamani lingefika 18.5. Kwenye mkutano nawasomea wanachama namba zote mbili, ya siku za kawaida na ya siku mbaya, kisha ndipo tunapiga kura.