Kimo ni upi, na urefu ni upi?

SWALI: Mzee alichora shamba letu kwa mkono, nikapiga picha mchoro. Shamba lina pembe tano, nimeligawa pembetatu na trapeza. Kila mstari nimeandika "urefu", ila mwenzangu anadai mingine ni "kimo". Kuna tofauti? Tena niseme "mita za mraba" au "mraba wa mita"?

JIBU: Mwenzako ana haki. Urefu ni wa mstari wowote, hata uliolala kombo. Kimo ni umbali ule tu unaokutana na kitako kwa pembe mraba. Ukiandika "urefu" kila mahali, atakayepiga hesabu atachukua ubavu wa mshazari akidhani ndio kimo, na shamba litakua kwenye karatasi.

Chukua shamba la pembe A, B, C, D na E. Mstari mkuu AD ni mita 80. Kutoka B umeshushwa mstari wima wa mita 30, unaofika kwenye AD mita 20 kutoka A. Wa C ni mita 50, nao unafika mita 60 kutoka A. E iko upande wa pili, mita 25 kutoka AD.

Pembetatu ya upande wa A ni nusu ya 20 × 30, yaani 300. Ya upande wa D ni nusu ya 20 × 50, yaani 500. Ya E ni nusu ya 80 × 25, yaani 1,000.

Trapeza ya katikati ndiyo inayowapoteza wengi. Pande zake sambamba ni ile mistari iliyosimama, 30 na 50. Kimo chake ni kipande cha AD kilicho kati yao, mita 40, nacho kimelala! Kimo cha mtu hupimwa akiwa amesimama, lakini cha umbo hufuata pande sambamba, hakifuati juu na chini ya karatasi. Eneo ni nusu ya (30 + 50) × 40, yaani 1,600. Mpiga hesabu angechukua BC, ambao ni karibu mita 45, angepata 1,800.

Jumla ni 3,400, na hapo useme "mita za mraba 3,400". "Mraba wa mita 3,400" ni umbo lenye pande nne sawa, kila upande mita 3,400: hilo si shamba tena, ni tarafa.

Kuhusu picha, usiipime kwa rula. Simu ikiinamishwa, mistari sambamba huonekana ikikaribiana na pembe mraba hupinda. Tumia tarakimu zilizoandikwa, na kando ya kila kimo chora kijialama cha pembe mraba. Ukishuku mstari wa B haukuwa wima, pima AB shambani: 20² + 30² ni 1,300, kwa hiyo AB iwe kama mita 36. Ikitoka 40, ule wa mita 30 ni urefu tu, si kimo.