Hisa iliyo karibu na kilele cha wiki 52

"Hisa ikikaribia bei yake ya juu ya mwaka, ninunue? Si ni kule kule kufuata zinazopanda?"

Hapana. Anayefuata zinazopanda hupima zimepanda kiasi gani. Wewe pima umbali na kilele. Hisa iliyotoka 20 hadi 50, ikarudi 40, imepanda asilimia 100, ila 40/50 ni 0.80: iache. Iliyotoka 45 hadi 49, kilele 50, ni 0.98: hiyo ndiyo. Wengi hukiona kilele kama dari, wakasita hata habari zikiwa njema, bei ikachelewa kupanda.

Subiri ifunge siku juu ya 50, huku idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo ikizidi wastani wake. Ikifunga chini ya 46, uza. Kama kampuni imetangaziwa ofa ya kununuliwa, achana nayo. Bei hunata kwenye ofa. Hisa moja ikigawanywa kuwa kadhaa, muulize dalali kama kilele kimerekebishwa.