Saa Kwanza, Chupa Baadaye

"Mama, mtoto ametapika ile dawa yake ya kifafa ya maji, dakika kama kumi tu tangu aimeze. Nimpe tena au nisubiri ya jioni?"

Mwanangu,

Kwenye simu nilikujibu kwa haraka, sasa nakuandikia ubaki nayo. Saa kwanza, chupa baadaye. Kwa hiyo valproeti yake, akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena kipimo kilekile. Nusu saa ikishapita, iache, maana nyingi imeshateremka na huwezi kujua imetoka kiasi gani. Akiitapika na ya pili, usimpe ya tatu; mpigie daktari wake. Dawa nyingine zina masharti yake, usizipime kwa hii.

Lakini kutapika angalau unakuona. Mimi kinachonichoma hadi leo ni ile asubuhi ya kaka yako. Nilimpa dawa saa moja, nikaosha sindano ya kupimia, nikaingia kuoga. Baba yenu akaikuta safi, akadhani nimesahau, akampa tena. Kufika mchana mtoto halali usingizi wa kawaida: ukimwinua anayumba, ukimwita anafumbua macho kidogo na kuyafumba. Tulikesha wodini, wanamtazama pumzi usiku kucha. Aliamka salama, akaomba uji.

Miaka nilimlaumu baba yenu. Angeuliza tu! Lakini nani aliyeosha sindano bila kusema neno? Tena yeye alifanya kwa kuogopa degedege, si kwa uzembe. Hata hivyo, kuuliza kunachukua muda gani? Basi, niishie hapo. Daftari lile la jikoni mlilolikuta mlipopata akili ndipo lilipoanzia: saa, kiasi, aliyempa. Anza lako leo, na ukitapikiwa andika pia.

Ndiyo maana nasema saa kwanza hata ukisahau. Anakunywa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ukikumbuka ya asubuhi kabla ya saa tano, mpe. Ukikumbuka saa nane, imeshapita hiyo. Mpe ya jioni peke yake. Usizijumlishe. Moyo utakwambia umlipe aliyokosa, kama ulivyomwambia baba yenu moyo wake. Kaa karibu naye tu siku hiyo, na degedege likimshika likapita dakika tano, hiyo ni dharura, usingoje.

Jambo moja linaninyima raha. Kutapika mara moja akiwa na njaa, sawa, mpe dawa baada ya kula. Lakini akirudia kutapika, akawa mzito wa usingizi, tumbo linauma, au macho yanageuka manjano, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na chupa mkononi. Dawa hii mara chache huumiza ini, na huanza hivyohivyo.

Asubuhi ya leo alikuwa amekula? Hukuniambia.

Mama yako