Mchemraba uliozama

“Mchemraba wa sentimita 10 umezama, juu yake maji sentimita 20. Ukishuka zaidi si utasukumwa juu zaidi?”

Hapana, mdogo wangu. Kwenye picha uliyochora, mshale wa sentimita 20 unaishia uso wa juu wa mchemraba, kwa hiyo uso wa chini uko sentimita 30. Shinikizo la maji huongezeka paskali 100 kwa kila sentimita ya kina: juu ni paskali 2,000, chini 3,000. Kila uso una mita mraba 0.01, basi maji yanakandamiza kwa nyutoni 20 na kuinua kwa 30. Tofauti, 10, ndiyo msukumo.

Uzamishe ziwani pale Dunga, uso wa juu ukiwa mita 5 chini: nyutoni 500 dhidi ya 510. Bado 10! Ila mchemraba ukikwama topeni, maji yasipite chini yake, hesabu hii haifai.