Kwa nini varoa hujazana kwenye majana ya madume

SWALI: Mtaalamu, nina mizinga ya vibao vya juu huku Kitui. Nilikata kipande cha sega chenye majana ya madume nikakuta vidudu vyekundu bapa, vingine viwili vitatu kwenye chumba kimoja. Upande wa majana ya vibarua nilifungua vyumba vingi nikapata kimoja tu. Kwa nini wanapenda madume? Halafu kuna mtu ananiuzia dawa ya vipande vya kuning'iniza mzingani. Ninunue?

JIBU: Kwanza tuhakikishe ni varoa, yaani utitiri anayeshambulia nyuki. Kuna chawa wa nyuki ambaye naye ni mwekundu na mdogo, lakini ana miguu sita na hupanda juu ya nyuki wazima, hasa malkia. Varoa ana miguu minane, na umbo lake ni pana kuliko urefu: upana milimita 1.6, urefu 1.1. Uliyemkuta amejibana kwenye bundo ndani ya chumba kilichofunikwa kwa nta ni varoa.

Jibu la swali lako la kwanza limo katika saa. Varoa jike hazai juu ya nyuki mzima. Huingia kwenye chumba cha buu muda mfupi kabla hakijafunikwa na kujificha chini ya chakula cha buu. Chumba cha kibarua humvutia kwa saa 15 hadi 20 za mwisho tu, cha dume kwa saa 40 hadi 50. Hapo tayari dume ana nafasi kubwa zaidi ya kuingiliwa.

Chumba kikishafunikwa, varoa hutaga yai la kwanza baada ya saa 65 hivi, na hilo huwa la kiume. Kisha hutaga la kike kila baada ya saa 30. Binti mmoja huhitaji karibu saa 140 kukomaa, na hupandwa na kaka yake humo humo chumbani. Binti asiyekomaa kabla nyuki hajatoka hufa, na kaka yao naye hufa.

Sasa piga hesabu. Binti wa kwanza hutagwa kwenye saa ya 95 na kukomaa kwenye saa ya 235. Wa pili hukomaa saa ya 265, wa tatu 295, wa nne 325. Kibarua wa Ulaya hukaa chini ya kifuniko siku 12, yaani saa 288, kwa hiyo mabinti wawili wanawahi. Dume hukaa siku 14 na nusu, karibu saa 348, hivyo hata wa nne anaweza kuwahi. Hicho ni kiwango cha juu, maana wengi hufa njiani. Kwa wastani chumba cha kibarua hutoa binti mmoja na ushei, cha dume zaidi ya wawili. Malkia hukaa chini ya kifuniko kama siku 8, saa 192, na hapo hakuna binti hata mmoja aliyekomaa. Ndiyo maana ni nadra kumkuta varoa kwenye chumba cha malkia.

Malkia na kibarua hutoka kwenye yai la aina moja, lililorutubishwa, na wanatenganishwa na chakula walicholishwa wakiwa mabuu. Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo yeye ni jinsia, si tabaka. Varoa hajali vyeo hivyo, anachofuata ni nani anakaa muda mrefu chini ya nta. Kwa nyuki wa Asia, ambao ndio wenyeji wake wa asili, karibu uzazi wake wote hufanyika kwa madume, na kundi linahimili. Balaa lilianza alipohamia kwa nyuki wetu wa asali na kuweza kuzaa kwa vibarua pia.

Nyuki wa Afrika Mashariki hutoka mapema kidogo, wengi karibu siku 11 baada ya kufunikwa. Hiyo ni saa 264, kwa hiyo binti wa pili anakuwa ukingoni. Wana kinga nyingine pia: hufukua na kutupa mabundo yenye varoa, na wanapohama au kugawanyika uzazi wa varoa hukatika. Varoa aligunduliwa Kenya mwaka 2009, na utafiti uliochapishwa 2014 ulimkuta karibu nchi nzima isipokuwa kaskazini, bila uhusiano kati ya wingi wake na ukubwa wa makundi. Huko Ulaya kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa baada ya miaka michache.

Madhara yake yapo, hata hivyo. Varoa hula tishu ya mafuta ya nyuki, ile inayohifadhi akiba na kusaidia kinga ya mwili, na humwambukiza virusi, hasa kile cha mabawa yaliyokunjamana. Kibarua wa namna hiyo utamwona akitambaa mbele ya mlango, tumbo fupi, mabawa kama karatasi iliyofinyangwa.

Usiamue kwa kuangalia majana ya madume peke yake, maana hapo ndipo varoa hukusanyika na picha inakuzwa. Pima vibarua. Jioni, na moshi wa kutosha, toa kibao chenye sega la majana, ukilishika wima lisikatike. Hakikisha malkia hayupo juu yake, kisha pangusa nyuki kwa unyoya waangukie beseni. Chota nusu kikombe cha kupimia, mililita 120, ambazo ni kama nyuki 300. Watie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye wavu wa matundu ya milimita 3 mahali pa kifuniko, weka vijiko viwili vya mezani vya sukari laini ya unga, viringisha taratibu, acha dakika mbili. Kisha geuza na kutikisa kwa nguvu juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari itayeyuka, varoa wataonekana. Sukari yenye unyevu haifai: inashikana, varoa hawadondoki, nawe unadhani mzinga ni safi. Nyuki wenyewe warudishe.

Ukipata 6 kwa nyuki 300, hiyo ni asilimia 2. Kundi likiwa na vibarua 15,000, wapo 300 juu ya nyuki, na ndani ya majana kwa kawaida wamejificha mara mbili ya hao, jumla karibu 900. Amerika Kaskazini wafugaji wengi hutibu wakifika asilimia 3. Kwa nyuki wako mimi nisingetumia namba hiyo kama amri.

Vipande vya dawa usinunue. Vingi ni vya jamii ya pairethroidi, ambazo hubaki kwenye nta, na sehemu nyingi duniani varoa wameshazizoea. Zaidi ya hayo, unayalinda makundi dhaifu yaendelee kurithisha udhaifu.

Mzinga ukizidi wenzake sana, kata majana ya madume yakiwa yamefunikwa, ukawape kuku. Dume hufunikwa karibu siku ya 10 tangu yai kutagwa na hutoka siku ya 24. Ukichelewa hapo, umewazalisha varoa kwa mkono wako. Fanya hivyo kwa mzinga mmoja mmoja, kwa sababu malkia wachanga wa eneo lenu wanahitaji madume. Pima tena baada ya mwezi. Namba ikipanda na mabawa yaliyokunjamana yakiongezeka, badilisha malkia kwa chumba cha malkia kutoka kundi lako lenye varoa wachache.