Wateja wamekuseivu nani?

SWALI LA WIKI: "Napika nyumbani Mbagala, oda zangu zote zinatoka Wasap, Insta na watu kuambiana. Duka sina, bango sina. Mtu kama mimi brendi ya nini, na kama naihitaji nianzie wapi?"

Dada, mi kazi yangu ni kuchapisha stika na lebo pale Kariakoo, na wapishi wa majumbani wananijia kila wiki, kwa hiyo ntajibu kwa ninayoyaona kwao. Wengi wanakuja wanataka logo. Anakuja na picha kaitoa mtandaoni, kofia ya mpishi, uma na kijiko vimepishana, rangi ya dhahabu, anasema nifanyie kama hii. Mi kabla sijafungua kompyuta namuuliza, hivi wateja wako kwenye simu zao wamekuseivu nani?

Wanacheka, ila biashara yako yote imelala hapo. Ukituma tangazo la leo kwa brodikasti ya Wasap, linamfikia yule tu mwenye namba yako kwenye simu yake, asiyekuseivu halimfikii kabisa na wala wewe huambiwi kama halijafika. Stetasi vilevile, mpaka yeye awe na namba yako na wewe uwe na yake. Kwa hiyo mtu aliyekula kwako mara moja akachati akalipa akasahau kuseivu, huyo umempoteza hata kama chakula kilimpendeza. Na aliyeseivu, siku shoga yake akimuuliza unamjua mpishi mzuri, anaingia kwenye majina ya simu anaandika alichokumbuka. Kama alikuseivu kwa neno analolikumbuka anakupata, la sivyo anasema ngoja ntakutafutia namba, na hapo ndo imetoka.

Nikupe mfano wa dada mmoja wa Tabata, anapika biriani na vitafunwa vya shughuli, sambusa, katlesi, kababu. Insta alikuwa na jina la maneno matatu ya Kizungu, nukta katikati, mistari ya chini miwili, na tz mwishoni. Ukilisoma kwenye simu zuri tu. Sasa likitamkwa ukumbini mziki unapiga? Mgeni kwenye kichen pati anauliza biriani hii kapika nani, mwenye shughuli anataja, mgeni anaandika alivyosikia, anatokea mtu mwingine kabisa anayeuza makeki. Dada analalamika Insta haimletei watu wakati watu wanamtafuta kila wikendi hawamuoni.

Nikamwambia usitengeneze logo kwanza, waandikie wateja wako wa zamani kama ishirini hivi, waombe wakupigie skrinshoti ya jinsi walivyokuseivu, atakayetuma atapata katlesi za bure kwenye oda ijayo. Zikaja. Wengine wamemuandika Mama na jina la mwanae, wengine Biriani Tabata, wengine Dada Biriani, mmoja kaandika "biriani harusi ya bamdogo" maana ndo alikokula chakula chake. Lile jina la Kizungu hakuna hata mmoja aliyeliandika, na ndo alikuwa analipia lichapwe kwenye aproni!

Basi jina lake jipya likatoka kwenye zile skrinshoti, Biriani ya Mama Fulani, fulani ni mwanae. Tabata tuliiacha makusudi, mtu umepanga, kesho unaweza kuhamia Goba au Kigamboni ukabaki na jina la mtaa usiokaa. Yeye akasema mbona kuna na vitafunwa, nikamwambia vitabaki kwenye menyu, ila mtu akimsifia mpishi kwa mwenzie hasifii menyu nzima, anasifia kitu kimoja, "biriani yake we acha". Ingiza hicho kimoja kwenye jina, anayekuja kwa biriani ataikuta sambusa humo humo. Ila kama wewe makeki na pilau vinakuletea pesa sawasawa, chakula usikiweke, jina lako la mtaani linatosha.

Kulipima jina ni rahisi. Mrekodie mtu voisi asiyekujua kikazi, litaje mara moja tu, mwambie akuandikie alivyosikia. Fanya kwa watu watano. Wakiandika tofauti tofauti, liache hata kama unalipenda. Insta inaruhusu mpaka herufi 30 kwenye jina la akaunti, na inakubali nukta na mstari wa chini, ila sikio halisikii nukta, kwa hiyo ziepuke ukiweza. Halafu kuna lile jina jingine linalokaa kwa wino mzito chini ya picha, nalo linatafutika, hapo ndo uandike chakula na mji, "biriani Dar es Salaam", maana kuna wasiokujua wanaotafuta chakula tu.

Sasa tuje kwenye stika, hapa ndo penyewe. Wewe huna bango, basi kontena lako ndo bango. Mtu anakula ofisini Posta, wenzie watatu wanaliona. Stika za duara la sentimita 5 kila mtu anazitaka kwa sababu zinapendeza na karatasi moja ya A3 inatoa kama 35, ila namba ya simu kwenye duara la vile inakuwa vimdudu. Mi nashauri ya mstatili, 9 kwa 5, zinatoka ishirini na kitu kwenye A3, lakini namba inasomeka mkono ukiwa umenyooka, na hicho ndo kipimo, shika kontena mkono unyooke, mpe mwenzio akusomee namba. Weka vitu vitatu tu: jina, namba ya Wasap, na jina la Insta kama ni tofauti. Maneno ya "ladha halisi" sijui "upendo kwenye kila kijiko" hayapigiwi simu.

Na usichapishe kwenye karatasi ya kawaida. Biriani inafungwa ya moto, mvuke unapanda kwenye mfuniko, mafuta yanachuruzika pembeni, bodaboda katoka Mbagala anaenda Mbezi kwenye jua na foleni, ikifika karatasi imelowa, wino umetapakaa, ile namba yenyewe haipo. Chukua stika ya vinaili, ni ghali kidogo ila haili maji, na uibandike kontena likiwa bado kavu na baridi kabla hujapakua, ukibandika juu ya mvuke gundi haikamati itadondoka njiani. Weka na nyingine kwenye mfuko wa kubebea, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, siku hizi watu wanaitunza ile mifuko wanaendea nayo sokoni, na jina lako linatembea nalo.

Kwenye shughuli ndo wapishi wengi mnapoteza. Chakula kinatoka kwenye hotpoti kubwa, watu mia wanakula, jina lako halipo popote, sifa anapata mwenye harusi. Yule dada sasa anaomba ruhusa kwa mwenye shughuli, anasimamisha kikadi kigumu kidogo mbele ya hotpoti ya biriani, kimeandikwa jina na namba, basi. Wengine wanakataa na ni haki yao, shughuli ni yao. Lakini hawakatai hili la pili: anabeba makontena matupu thelathini hivi tayari yana stika, kwa sababu mwisho wa shughuli lazima shangazi, mawifi na majirani wafungiwe chakula, na mara nyingi wanahangaika na foili na vifuniko vya ndoo. Anawafungia yeye. Kesho yake kontena liko kwenye friji za watu, wanapasha wanakula, namba iko pale mbele yao. Gharama ya makontena anaiingiza kwenye bei tangu mwanzo.

Ukipata oda mpya uliza "nani kakuambia?" kabla hata ya bei, kisha mpe lebo kwenye Wasap Biznesi, ile sehemu ya kuwapanga wateja kwa rangi: kaja kwa mtu, kaja kwa Insta, kaja kwa shughuli. Yule dada aligundua wengi wa wapya walishakula chakula chake mahali kwanza, Insta wanaingia kuhakikisha tu kama ni yeye kweli. Ikabadilisha na ukurasa wake. Akatoa picha za kuokota, akaweka biriani ndani ya kontena lile lile lenye stika ile ile mtu aliyoiona ofisini, na bei akaiandika wazi, maana hii "bei njoo inbox" inawakera watu, mtu ana njaa saa sita mchana wewe unamchezesha kombolela.

Kitu kingine watu hawakihesabu kuwa ni brendi ni jina linalotokea wakati wa kulipa. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mteja akituma pesa linatokea jina la kitambulisho, na kama laini ni ya mume au mdogo wako linatokea jina la mwanaume asiyemjua. Mji huu ulivyojaa matapeli wa tuma kwenye namba hii, mtu mpya anasita, anauliza, wengine wanaghairi kimya kimya. Ukiweza chukua lipa namba isome jina lako la biashara. Ukiwa hujaipata, andika kwenye meseji ya kupokea oda kabisa, "ukituma litatokea jina fulani", uwe umemuwahi.

Na namba isiwe ya kuazima. Laini ikikaa bila kutumika muda mrefu kampuni inampa mtu mwingine, na namba imeshachapwa kwenye makontena ya mji mzima, hapo utampelekea oda mtu asiyejua hata kupika wali.

Jina la biashara lisajili Brela, wakala wa serikali wa kusajili biashara, unafanya mtandaoni, cheti kitakusaidia kufungua akaunti ya benki kwa jina hilo. Ila jua cheti hicho hakikupi haki ya kumzuia mwenzio asitumie jina lako kwenye chakula, hiyo ni alama ya biashara, inaombwa kivyake hapo hapo Brela, na alama zimepangwa kwa madaraja, huduma za chakula ziko la 43. Kwa anayeanza mi naona inaweza kusubiri mpaka uone jina limeshika.

Logo je? Ukija kwangu na jina na zile skrinshoti, logo tunamaliza mchana huo huo, maandishi manene ya rangi moja yanayosomeka kwenye kile kiduara kidogo cha picha ya Wasap. Kofia ya mpishi tutaijadili ikibaki nafasi.