Sapu kwenye insha ya ufadhili: usianze na msiba

"Wakuu, naomba ufadhili wa masta. Mwaka wa pili nilipigwa sapu ya Takwimu. Insha ni maneno 500, nimeanza hivi: 'Tangu utotoni maisha yangu yamejaa changamoto, baba alifariki nikiwa mdogo...' Inafaa?"

Futa hiyo aya, mkuu. Ifute leo kabla hujaizoea.

Yangu ilianza na msiba hivyo hivyo. Kuna "mshauri" mmoja wa mtaani, malipo yake bando na chipsi mayai, aliniambia: "Walize, mwanangu, wakilia watatoa hela." Aliyelia ni mimi. Karibu nusu ya insha ilikuwa matanga, halafu sapu nikaipitisha kwa mstari mmoja: "licha ya changamoto hizo nilifanikiwa kuhitimu." Huyo jamaa aliusifia kweli mstari huo. Hajawahi kuomba ufadhili wowote maishani mwake, nilikuja kujua baadaye.

Anayesoma insha ana transkripti yako pembeni. Sapu ameshaiona, kwa hiyo anachotafuta ni ilitokeaje na ulibadilisha nini. Na hapo kuna mtego: vyuo vyetu vingi ukifaulu sapu unaandikiwa C, hata ungepata 80. Yaani ile C haisemi kama ulielewa au uliponea chupuchupu. Ushahidi lazima utoke kwenye kozi iliyofuata.

Awamu ya pili nilifungua hivi, kwa Kiswahili:

"Mwaka wa pili nilifeli Takwimu. Nilikuwa nimekariri fomula kwenye madesa. Mtihani ulipoleta data za mavuno ya mahindi na kuuliza nitumie kipimo gani na kwa nini, sikuwa na jibu. Nikijiandaa na sapu, kila swali niliandika kwanza sababu ya kuchagua kipimo, ndipo nikashika kikokotoo. Mwaka wa tatu nilipata A kwenye Mbinu za Utafiti, na kipimo cha ripoti yangu ya mwisho nilikichagua na kukitetea mwenyewe."

Umeona? Hakuna "nilijifunza kutokata tamaa". Kila mtu hajakata tamaa, ndiyo maana kaomba. Nilichojifunza kimekaa kwenye ile tabia ya kuandika sababu kwanza, na ile A inaonekana kwenye karatasi. Sheria yangu ni hiyo moja: aya ya kwanza isiishe bila kitu ulichofanya ambacho msomaji anaweza kukihakiki kwenye transkripti.

Baba, Mungu amrehemu, lakini wewe mwenyewe unasema ulikuwa mdogo. Sapu ni ya chuoni. Angefariki muhula ule ule, ungemtaja kwa nusu sentensi na kuendelea. Kwa ulivyoandika, msomaji atajiuliza msiba wa utotoni unahusiana vipi na Takwimu, na hakuna atakayemjibu.

Weka hapa aya mpya tuione. Na utaje ni kozi gani ya mwaka wa tatu ulifanya vizuri, maana hilo hujalisema kabisa.